Sainasi au Kipandauso? Maumivu ya Uso Yanayokuja na Makamasi

(Mazungumzo haya yalitolewa na afisa wa kliniki wa kaunti katika siku ya afya iliyofanyika sokoni. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa nizungumze kuhusu kuumwa na kichwa. Nitazungumza kuhusu kichwa cha aina moja tu. Ni kile kinachouma hapa mbele, kati ya macho, chini ya macho na kwenye mashavu, uso ukihisi umebanwa, na pua imeziba au inachuruzika. Nikiwauliza kichwa hicho kinaitwaje, najua wengi mtanijibu: sainasi.

Jambo nililokuja kuwaambia ni kwamba mara nyingi jibu hilo si sahihi. Wengi wenye maumivu ya namna hii, hasa yale yanayoondoka na kurudi mwezi baada ya mwezi, wana kipandauso, ugonjwa ambao baadhi yenu mnauita maigreni. Na kosa hili halifanywi na wagonjwa peke yao. Sisi wahudumu tunalifanya pia. Mimi mwenyewe nimelifanya, na nitaanza hapo.

Kuna mama mmoja ambaye nimekuwa nikimhudumia. Amenipa ruhusa nieleze habari zake bila kutaja jina. Ana miaka 34, na anauza nyanya na vitunguu. Siku moja aliingia chumbani mwangu akiwa amefunga leso kichwani kwa kukaza, akaweka daftari lake la hospitali mezani, akasema, "Daktari, sainasi imenirudia. Niandikie tu ile dawa ya siku zote."

Siku hiyo foleni haikuwa ndefu. Badala ya kuandika, nililifungua daftari lake kutoka ukurasa wa kwanza nikalisoma. Katika miezi 14, neno "sainasi" lilikuwa limeandikwa mara sita. Mara tano kati ya hizo alipewa antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria. Katika kurasa mbili, mwandiko ulikuwa wangu.

Nilitazama joto la mwili lililopimwa kila alipokuja. Halikuwa limepanda hata mara moja. Nikatafuta mahali palipoandikwa kwamba alikuwa na makamasi mazito yenye usaha. Sikupaona. Kila mahali paliandikwa pua imeziba, makamasi mepesi, maumivu ya uso.

Nikamuuliza, "Mama, ukimeza zile dawa, unapona baada ya muda gani?"

Akasema, "Siku ya pili au ya tatu naamka niko sawa. Ndiyo maana nazitaka."

"Na kichwa hiki kimewahi kukushika ukiwa huna dawa hizo?"

"Mara nyingi, daktari. Si kila mara nina nafasi ya kufunga biashara nije hapa. Nikikosa dawa nalala gizani mpaka kiishe."

"Kisha kinaisha baada ya muda gani?"

Alinyamaza kidogo, akasema, "Siku mbili. Tatu."

Naomba mlifikirie jibu hilo. Akimeza antibayotiki, anapona baada ya siku mbili au tatu. Asipomeza, anapona baada ya siku mbili au tatu. Dawa ilikuwa ikipewa sifa kwa kazi isiyoifanya. Kipandauso kwa mtu mzima, kisipotibiwa, hudumu kati ya saa 4 na saa 72, kisha huondoka chenyewe. Kwa hiyo dawa yoyote utakayoanza kumeza siku ya kwanza itaonekana kama imekuponya siku ya tatu. Hivyo ndivyo kosa linavyoota mizizi. Mgonjwa anaamini, mhudumu anaamini, na daftari linaendelea kuandikwa sainasi.

Sasa mtaniuliza swali la haki. Kama tatizo si la pua, mbona pua inaziba na makamasi yanatoka?

Kila upande wa uso una neva moja kubwa inayoitwa trijemini. Ina matawi matatu. Tawi la kwanza linakwenda kwenye jicho na paji la uso. La pili linakwenda shavuni, puani na kwenye meno ya juu. La tatu linakwenda kwenye taya la chini. Neva hiyo hiyo ndiyo inayopeleka hisia za maumivu kutoka kwenye utando unaofunika ubongo. Kipandauso kinapoanza, neva hii huamshwa. Ubongo hupokea habari za maumivu, na wewe unazihisi mahali ambapo matawi yake yanafika: paji la uso, nyuma ya jicho, shavu, hata meno. Hapo ndipo mtu anaposhika mashavu yake akasema uso umejaa.

Lakini neva hiyo haiishii kwenye maumivu. Ikiamshwa sana, inaamsha pia neva nyingine zinazoendesha tezi za machozi na utando wa ndani ya pua. Jicho linatoa machozi. Mishipa ya damu ndani ya pua inapanuka, pua inavimba kwa ndani na kuziba, na maji yanaanza kutoka.

Kina mama mnaopika mnaijua kazi hii vizuri. Ukikata kitunguu, macho yanawasha, machozi yanatoka, na baada ya muda mfupi pua nayo inachuruzika. Hakuna bakteria aliyeingia puani. Neva imehisi ukali wa kitunguu, ikaamsha tezi. Katika kipandauso, neva hiyo inaamshwa kutoka ndani badala ya nje. Maji yanayotoka puani ni dalili ya kipandauso chenyewe.

Kuna mambo mengine mawili yanayotupotosha. La kwanza ni kuinama. Watu husema, "Nikiinama uso unataka kupasuka, kwa hivyo ni sainasi." Kipandauso pia huzidi ukiinama, ukipanda ngazi au ukibeba debe la maji. La pili ni hali ya hewa. Kichwa kinakuja na baridi ya Julai, au na vumbi la Januari, au mvua inapokaribia, basi tunailaumu pua. Mabadiliko ya hali ya hewa ni miongoni mwa mambo ambayo wagonjwa wengi wa kipandauso husema huwaamshia maumivu. Kwa hiyo kuinama na baridi haviwezi kukuonyesha una ugonjwa gani kati ya hii miwili.

Sainasi ya kweli, basi, ikoje?

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vidogo vya hewa. Viko mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho na nyuma zaidi ya pua. Kila chumba kina tundu dogo linalofunguka puani. Ukipata mafua, utando wa pua huvimba, matundu yale huziba, na majimaji hukwama ndani. Mara nyingi hali hii huletwa na virusi vya mafua, na huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Ni sehemu ndogo sana ya mafua inayogeuka kuwa maambukizi ya bakteria.

Bakteria wakiingia, ugonjwa una mwendo wake. Kwanza, makamasi ni mazito, ya manjano au ya kijani, na mara nyingine yanateremka kooni na kuacha ladha mbaya. Pili, uwezo wa kunusa hupungua. Chai inachemka na hunusi majani. Tatu, siku zinapita bila nafuu. Tunaanza kuwaza bakteria pale mafua yanapozidi siku 10 bila kupungua, au pale mtu alipokuwa anapata nafuu kisha siku ya tano au ya sita akazidiwa tena, au pale anapokuwa na joto kali la mwili la nyuzi 39 au zaidi pamoja na usaha puani kwa siku 3 au 4 mfululizo. Hata hivyo, rangi ya makamasi peke yake haitoshi, kwa sababu mafua ya kawaida nayo huweza kuyafanya ya manjano kwa siku chache.

Linganisheni basi. Sainasi ya bakteria huja baada ya mafua na kukaa kwa siku nyingi. Haiji asubuhi, ikakulaza, ikaondoka kesho jioni, ukakaa wiki moja ukiwa mzima kabisa, kisha ikarudi. Ugonjwa unaokuja na kuondoka kwa namna hiyo, mara kwa mara, karibu kila mara ni wa neva.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba wana kichwa cha sainasi. Hawa hawakuwa na dalili za maambukizi, na hakuna aliyekuwa ameambiwa kabla kwamba ana kipandauso. Walipoulizwa maswali kwa makini, asilimia 88 walikuwa na kichwa cha aina ya kipandauso. Wengi wao walikuwa na uso uliobanwa na pua iliyoziba, kama yule mama wa vitunguu.

Nirudi kwake. Kuna maswali matatu mafupi ambayo sisi wahudumu hutumia. Nanyi mnaweza kujiuliza nyumbani. Fikiria vichwa ulivyopata katika miezi mitatu iliyopita. Je, ulihisi kichefuchefu au tumbo kuchafuka? Je, mwanga ulikusumbua kuliko siku nyingine? Je, kichwa kilikuzuia kufanya kazi au shughuli zako walau siku moja? Ukijibu ndiyo kwa maswali mawili kati ya matatu, uwezekano wa kipandauso ni mkubwa, hata kama pua inachuruzika.

Mama alijibu ndiyo kwa yote matatu. Alikuwa akitapika. Alikuwa akifunga mapazia na kuwafukuza watoto nje kwa sababu ya kelele. Harufu ya mafuta ya taa ilimzidishia. Maumivu yalidunda upande wa kulia kama moyo unaopiga. Kila mwezi alipoteza siku nne au tano za soko, na nyanya zikikaa siku mbili kibandani mnajua zinavyokuwa. Nilipomuuliza kuhusu hedhi, tuliweka tarehe za daftari kando ya kalenda. Nne kati ya zile sita ziliangukia siku moja au mbili kabla ya hedhi. Bakteria hawafuati kalenda ya hedhi, lakini kipandauso kwa kina mama wengi huifuata.

Aliniuliza, "Na picha niliyopigwa je? Iliandikwa ndani ya sainasi kuna unene." Alikuwa ameilipia kwa pesa za biashara. Nikamweleza kwamba utando ulionenepa kidogo huonekana pia kwenye picha za watu wengi wasioumwa chochote, na unaweza kuachwa na mafua ya wiki zilizopita. Picha ya namna hiyo peke yake haithibitishi kwamba maumivu yanatoka hapo.

Ndipo nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza mwaka mmoja kabla. "Dawa za maumivu unameza siku ngapi kwa mwezi?" Tulihesabu pamoja. Alikuwa akinunua dukani zile za mchanganyiko, zenye dawa mbili au tatu ndani ya kidonge kimoja, na alizimeza karibu siku 18 kwa mwezi.

Hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Dawa za maumivu zikitumiwa mara nyingi mno na mtu mwenye kipandauso, huanza zenyewe kuleta kichwa. Kwa dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni, mpaka ni siku 15 kwa mwezi. Kwa dawa za mchanganyiko, mpaka ni siku 10. Ukivuka mpaka huo kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma siku nyingi kuliko zamani, wewe unaongeza dawa, nacho kinaongezeka. Mtu anayeitwa mgonjwa wa sainasi kwa miaka mingi huangukia shimo hili kwa urahisi, kwa sababu hakuna aliyemwambia ugonjwa wake halisi. Dawa za kuzibua pua nazo zina shimo lake. Matone yanayozibua mara moja yakitumiwa zaidi ya siku 5 mfululizo, pua huziba zaidi unapoyaacha. Nayo antibayotiki isiyohitajika huharisha, huamsha aleji kwa wengine, na hufundisha bakteria kuizoea dawa, ili siku mtoto wako akiihitaji kweli isimsaidie.

Tulifanya nini? Kwanza, aliacha dawa za mchanganyiko. Nilimwonya kwamba wiki mbili za mwanzo zingekuwa ngumu, na zilikuwa ngumu. Pili, tulipanga dawa ya siku ya maumivu. Kwa mtu mzima inaweza kuwa ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula, au parasetamoli miligramu 1,000, yaani vidonge viwili vya 500. Inamezwa mapema, maumivu yakiwa bado madogo, wala si baada ya kutapika. Ibuprofeni haiwafai wajawazito, wenye vidonda vya tumbo, wala wenye ugonjwa wa figo. Watu wa pumu waulize kwanza. Dawa hizi asizitumie zaidi ya siku mbili kwa wiki.

Tatu, kwa kuwa mashambulizi yalikuwa mengi, nilimwandikia dawa ya kuzuia, dozi ndogo ya amitriptilini kila jioni. Kuna nyingine pia, kama propranololi, ambayo haiwafai watu wa pumu. Dawa hizi huandikwa na mhudumu baada ya kukupima, na huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida. Wengi huziacha wiki ya pili wakisema hazifanyi kazi.

Baada ya miezi mitatu alirudi na daftari. Mwezi huo kichwa kilikuwa kimemshika mara moja kwa nguvu na mara moja kidogo. Hajapona kabisa, kwa maana kipandauso hatuna dawa ya kukiondoa moja kwa moja. Lakini alikuwa amepoteza siku moja tu ya soko.

Sitaki mtu aondoke hapa akisema daktari amesema sainasi haipo. Ipo. Mtu mwenye kipandauso anaweza pia kupata mafua na sainasi ya kweli. Wengine wana aleji: pua na macho yanawasha na wanapiga chafya mfululizo, na aleji hiyo inahitaji matibabu yake. Tena, katika nchi yetu, kichwa pamoja na joto la mwili kipimwe malaria kwanza.

Na kuna vichwa visivyosubiri kubishaniwa jina. Nenda hospitali mara moja kama kichwa kimelipuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika moja. Kama kuna joto la mwili na shingo imekakamaa. Kama mkono au mguu umelegea, maneno yanapotea au mtu amechanganyikiwa. Kama jicho limevimba, limekuwa jekundu au haliwezi kuzunguka. Kama kichwa kimeanza baada ya kugonga kichwa. Kama mama ni mjamzito au amejifungua karibuni. Usikae pia nyumbani kama kichwa kipya kimeanza baada ya miaka 50, au kama kinga ya mwili wako imepungua.

Ombi langu la mwisho ni dogo. Kila kichwa kikija, andika nyuma ya daftari lako tarehe na saa kilipoanza, saa kilipoisha, rangi ya makamasi, kama ulitapika au mwanga ulikusumbua, na dawa uliyomeza. Kina mama muandike pia siku ya hedhi. Fanya hivyo kwa miezi miwili, kisha ulete daftari hilo kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Usianze kwa kusema "nina sainasi." Sema, "Uso unaniuma, na haya ndiyo niliyoandika." Mhudumu akitaka kukuandikia antibayotiki kwa mara ya tatu, muulize kwa heshima, "Je, huenda hiki ni kipandauso?" Mimi ningeulizwa swali hilo mapema, mama yule angeuza nyanya nyingi zaidi.

Sasa niko tayari kwa maswali.